Pasiposikika: namna ya kuandika maneno yaliyomezwa na kelele na rekodi iliyokatika

Mwongozo huu ni kwa anayeandika mahojiano yaliyorekodiwa, hasa yale marefu ya wazee yanayofanyika barazani, uani au jikoni, ambako feni inazunguka, watoto wanacheza na pikipiki hazikomi kupita. Nimeandika mahojiano ya namna hiyo kwa miaka kadhaa. Kuna mahali pa aina mbili panaponisumbua kila mara: pale sauti ipo lakini neno halishikiki, na pale sauti yenyewe haipo. Watu wengi huziweka aina hizi mbili kapu moja na kuandika nukta tatu, wakaendelea. Hapo ndipo msomaji anapopotezwa, kwa sababu nukta tatu hazimwambii kama mzee alinyamaza, kama alisema jambo lisilosikika, au kama mwandishi aliruka sentensi aliyoiona haina maana.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, jiulize: hapa kuna sauti nisiyoielewa, au hakuna sauti? Fungua faili kwenye Audacity au programu yoyote inayoonyesha mawimbi ya sauti, ukuze hapo mahali hadi uone sekunde mbili au tatu tu. Mtu aliyenyamaza haachi mstari ulionyooka. Chumba kina pumzi yake: feni, jogoo wa jirani, kiti kinacholia. Mstari ukinyooka kabisa kama uzi uliovutwa, hapo mashine haikurekodi kitu. Na mlio wa nyuma ukibadilika ghafla, kwa mfano feni iliyokuwa ikivuma inakatika katikati ya mvumo na kuanza upya kwa sauti nyingine, hapo rekodi ilisimamishwa na kuendelezwa hata kama hakuna kimya chochote.

Dalili: neno moja halishikiki, mengine yote yako wazi

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni faili lenyewe. Mara nyingi tunachoandika siyo rekodi ya asili bali nakala ya nakala iliyopita kwenye programu za ujumbe. Nimewahi hata kupewa sauti iliyorekodiwa kwa simu ya pili mbele ya spika ya simu ya kwanza. Omba faili kutoka kwenye kinasa sauti chenyewe kabla hujapoteza siku nzima. Kisha sikiliza kwa hedifoni zinazofunika masikio, siyo spika. Kama rekodi ina njia mbili, kushoto na kulia, sikiliza kila moja peke yake, maana maikrofoni moja huenda ilikuwa karibu na feni na nyingine karibu na mzee. Ukikuta sauti inasikika vizuri kwa hedifoni lakini inafifia au kupotea ukiicheza kwenye spika ya simu, huenda njia hizo mbili zina mawimbi yaliyopinduliwa, hivyo zikichanganywa zinafutana. Dawa yake ni kusikiliza njia moja tu.

Kama tatizo ni mvumo wa chini wa feni, jenereta au injini, tengeneza nakala ya kusikilizia inayopunguza sauti nzito, kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi. Faili la asili usiliguse.

```
ffmpeg -i mahojiano.wav -af highpass=f=100 mahojiano_sikiliza.wav
```

Amri hii inapunguza sauti zilizo chini ya hezi 100, ambako mvumo mwingi hukaa, na inaacha sehemu kubwa ya maneno ya mtu. Usitarajie makubwa. Inapumzisha sikio, lakini haiwezi kurudisha silabi iliyofunikwa. Na jihadhari na vifaa vya kusafisha kelele vinavyofanya kazi kwa nguvu sana: vinakwangua pia herufi laini kama s, f na h, na vinaacha vijimlio ambavyo sikio linaweza kuvisoma kama herufi. Neno ulilolisikia kwenye nakala iliyosafishwa tu, na hulisikii kabisa kwenye ile ya asili, bado ni neno la shaka.

Kiswahili kina mitego yake hapa, na ni vizuri kuijua kwa sababu inakuonyesha ni wapi pa kusimama hata kama sentensi inaonekana kueleweka. Kauli ya kutendwa inabebwa na w moja dhaifu: *walipiga* na *walipigwa* vinatofautiana kwa kitu ambacho upepo mdogo unaweza kukichukua, lakini ni tofauti ya aliyepiga na aliyepigwa. Ukanushi nao unakaa mwanzoni mwa kitenzi, yaani mahali ambapo mtu anaanza kuvuta pumzi. Katika wakati uliopita tunasaidiwa kidogo, kwa kuwa *hatukulipwa* ina *-ku-* inayobaki hata *ha-* ikipotea. Lakini *hatutarudi* ikikosa silabi yake ya kwanza inakuwa *tutarudi*, neno kamili lenye maana kamili, iliyo kinyume. Ukiona kitenzi cha wakati ujao kimeanza mara tu baada ya kelele au kikohozi, rudi ukisikilize, hata kama hukuwa na wasiwasi nacho.

Sasa nieleze mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi.

Nilikuwa naandika mahojiano ya baharia mmoja mzee wa Unguja, yaliyorekodiwa kwenye baraza ya nyumba yake. Alikuwa akieleza safari ya jahazi kutoka delta ya Rufiji wakiwa wamebeba boriti za mikoko. Kwenye dakika ya 41 na sekunde ya 7 anasema, "Mwaka wa sitini na…", pikipiki inapita, na sentensi inaendelea, "…tukatoka Rufiji tumejaza boriti." Mimi nilisikia *nne*. Nilisikia bila shaka yoyote, nikaandika, nikaendelea. Mwaka 1964, Zanzibar: nani asiyeujua? Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari mwaka huo, na mzee huyo alikuwa ameshayataja mapema kwenye mazungumzo.

Siku ya kupitia kazi niliisikiliza tena sehemu hiyo bila kutazama maandishi yangu, na safari hii nikasikia *nane*. Nikarudia, nikasikia *nne*. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikio langu lilikuwa halisikii, lilikuwa linachagua.

Tazama maneno yenyewe. *Sitini na nne* na *sitini na nane* yana idadi ileile ya silabi, kwa kuwa n ya kwanza ya *nne* ni silabi kamili yenye mkazo. Mdundo haukusaidii. Kinachotofautisha ni a moja katikati, na pikipiki ilipita juu ya a hiyohiyo. Kwenye Audacity unaweza kubadilisha mwonekano wa mawimbi kuwa spektogramu, picha inayoonyesha nguvu ya sauti katika kila kiwango cha hezi. Irabu *a* huonekana kwa mistari yenye nguvu kati ya hezi 600 na 1300 hivi, ilhali *n* hukaa chini zaidi na juu yake panafifia. Nilipotazama, eneo hilo lote lilikuwa limejaa moshi wa injini. Picha haikukataa *nne* wala *nane*.

Nikampa mwenzangu kipande cha sekunde kumi asikilize. Hili nalo lina utaratibu wake: usimwambie unachodhani. Ukimuuliza "hapa si anasema sitini na nne?" umeshamjaza sikio, na jibu lake halina thamani tena. Mpe sauti, mwambie aandike anachosikia, mkae kimya. Yeye aliandika *nane*. Mwingine, aliyewahi kusoma historia ya visiwa, aliandika *nne* papo hapo na akaniambia, "Dada, hapa huhitaji hata kuuliza, ni mwaka wa mapinduzi." Sikio lake lilifanya kama langu. Tuliijua historia, na historia ikatuandikia neno.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren alichapisha jaribio ambalo alikata sauti moja katikati ya neno la Kiingereza na kuweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walisikia neno zima, na hawakuweza kuonyesha kikohozi kilikuwa mahali gani hasa. Alipoacha pengo la kimya badala ya kikohozi, walilitambua. Kwa mwandishi wa mahojiano hii ina maana ya moja kwa moja: mahali penye kelele ni pa hatari kuliko mahali penye kimya, kwa kuwa kimya unakiona, lakini kelele inalipa sikio ruhusa ya kujaza. Ndiyo maana siku hizi kila panapopita pikipiki, kengele au kikohozi juu ya jina, tarakimu au kitenzi cha kukanusha, naweka alama ya kurudi hata kama nimesikia vizuri.

Nilitafuta ushahidi ndani ya mazungumzo. Dakika tatu baadaye mzee anasema, "Wakati huo Karume ndiye rais." Abeid Amani Karume alikuwa rais wa Zanzibar kuanzia 1964 hadi alipouawa mwaka 1972, kwa hiyo sentensi hiyo inaikubali miaka yote miwili. Anataja kwamba walisafiri kwa upepo wa kusi, nao unavuma kila mwaka. Nilichoandika mwishoni ni hiki:

> Mwaka wa sitini na [nne? / nane? 00:41:07: pikipiki] tukatoka Rufiji tumejaza boriti.

Mabano ya mraba yanaonyesha kwamba maneno yaliyomo ni yangu, siyo ya mzee. Alama ya kuuliza inasema ni shaka. Muda unamwezesha yeyote kwenda kusikiliza mwenyewe. Neno *pikipiki* linasema kwa nini. Msomaji wa Kiswahili amezoea mabano: Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania zimejaa *(Makofi)* na *(Kicheko)*. Mimi nayaacha mabano ya mviringo kwa mambo ya namna hiyo yaliyosikika, kicheko, kilio, kupiga meza, na ya mraba nayatumia kwa kile nilichokiongeza au nilichokikosa. Zikichanganywa, msomaji hawezi kujua lipi ni tukio na lipi ni upungufu wa rekodi.

Nikiwa na neno moja tu ninalolidhania, naliandika hivi: [boriti? 00:22:10]. Nikiwa sina hata la kudhania, naandika [haisikiki 00:14:32–00:14:35: feni]. Kigezo changu cha kuchagua kati ya hayo mawili ni rahisi. Kama ningesikia kipande hiki kwa mara ya kwanza bila kujua mazungumzo yanahusu nini, ningeandika neno hili? Kama jibu ni hapana, basi neno limetoka kichwani mwangu, na panapostahili ni *haisikiki*. Neno usilolijua ni jambo jingine tena. Wazee wa pwani wana majina ya sehemu za jahazi na ya pepo ambayo kijana wa mjini hajawahi kuyasikia. Hilo si neno lisilosikika. Liandike kama unavyolisikia, kwa silabi zake, uweke [tahajia? 00:33:50], umuulize anayejua. Ukiligeuza kuwa neno la kawaida linalofanana nalo, umelizika neno ambalo pengine ndilo lililofanya rekodi iwe na thamani.

Dalili: kipande kizima kimefunikwa

Mvua inapiga bati, adhana inatoka kwenye kipaza sauti cha msikiti wa karibu, au watu watatu wanazungumza kwa pamoja. Hapa kishawishi ni kuandika muhtasari wa kile ulichoambulia, na kuuandika kama maneno ya msemaji. Usifanye hivyo. Weka mwanzo na mwisho wa kipande, taja kilichofunika, na utaje nani alikuwa akisema kama unamtambua kwa sauti:

> [haisikiki 00:58:11–00:59:46: mvua juu ya bati, mzee anazungumza, linasikika "nanga" mara mbili]

Maneno mawili matatu yaliyookolewa yaandike kama yalivyo, yakiwa yamekatika. Usiyashonee viungo. "…nanga… wakashuka… alfajiri" ni ushahidi dhaifu lakini wa kweli, na "walitia nanga wakashuka alfajiri" ni sentensi yako wewe.

Wakizungumza wengi kwa pamoja, sikiliza mara moja kwa ajili ya kila mtu, ukimfuata mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo inachosha, na kwa kipande cha sekunde kumi na tano inaweza kuchukua nusu saa. Lakini inaokoa mengi kuliko kusikiliza wote mara kumi.

Dalili: mazungumzo yanaruka

Mzee anaanza habari ya dhoruba, na sentensi inayofuata anazungumzia bei ya karafuu. Hakuna kelele, hakuna kimya. Hapo shuku pengo. Vyanzo vya kawaida ni vichache: simu iliita na programu ya kurekodi ikasimama, betri ilikwisha, mhoji alibonyeza kusimamisha kwa sababu ya mgeni na kuchelewa kuendelea, au kinasa sauti kiliwekwa hali ya kuanza chenyewe kinaposikia sauti. Hii ya mwisho inaacha dalili zake: mapengo ni mengi na mafupi, na kila sentensi baada ya kimya inakosa silabi ya kwanza, kwa kuwa mashine inachelewa kuamka. Kumbuka *hatutarudi*. Katika rekodi ya namna hiyo "-tarudi" inaweza kuwa nitarudi, sitarudi, utarudi au atarudi, na huna njia ya kujua. Andika [-?-]tarudi na ueleze hali ya kinasa sauti kwenye ukurasa wa mwanzo wa nakala.

Kutafuta sehemu ambazo mashine haikurekodi kabisa, amri hii inasaidia:

```
ffmpeg -i mahojiano.wav -af silencedetect=noise=-60dB:d=1 -f null -
```

Inaorodhesha kila mahali palipo kimya kirefu cha sekunde moja au zaidi, kwa `silence_start` na `silence_end`. Kwenye chumba chenye feni kimya cha kawaida hakishuki hadi kiwango hicho, kwa hiyo kinachotokea kwenye orodha kinastahili kutazamwa. Kwenye chumba tulivu sana utapata na mapumziko ya kawaida ya mtu, basi yatazame moja moja kwenye mawimbi. Ila amri hii haioni pengo lililounganishwa bila kimya, yaani pale rekodi iliposimamishwa na kuendelezwa kwenye faili lilelile. Hilo unalipata kwa sikio tu, kwa mlio wa nyuma unaokatika.

Wala pengo si lazima liwe kimya. Kwenye mkanda wa Ikulu ya Marekani wa tarehe 20 Juni 1972, ule wa kashfa ya Watergate, dakika kumi na nane na nusu zimejaa mvumo. Wataalamu waliouchunguza mwaka 1974 waliweza kueleza kwamba sehemu ile ilifutwa kwa kurekodiwa juu yake zaidi ya mara moja, na waliweza kwa sababu mkanda wa asili ulikuwepo. Wangekuwa na maandishi tu, wasingekuwa na cha kuchunguza.

Baada ya kujua pengo liko wapi, kadiria urefu wake. Mahojiano yakiwa kwenye faili mbili, majina ya faili mara nyingi yana saa ya kuanza. Chukua mfano huu:

```
2023-03-14_10-05-00.m4a
2023-03-14_11-01-30.m4a
```

Pima urefu wa faili la kwanza kwa ffprobe, inayokuja pamoja na ffmpeg:

```
ffprobe -v error -sexagesimal -show_entries format=duration -of default=nw=1:nk=1 2023-03-14_10-05-00.m4a
```

Tuseme jibu ni dakika 52 na sekunde 18. Faili lilianza saa 10:05:00 ya simu, likaisha 10:57:18. La pili linaanza 11:01:30. Kati yake kuna dakika 4 na sekunde 12 zisizorekodiwa. Hata saa ya simu ikiwa haiko sawa, tofauti inabaki sahihi ilimradi haikurekebishwa katikati. Lakini hakikisha kwanza kwamba jina linaonyesha saa ya kuanza, kwa kuwa vifaa vingine huandika saa ya kuhifadhi, yaani ya kumaliza. Rekodi kipande cha dakika mbili kwa kifaa hichohicho ukaone. Kisha uliza aliyefanya mahojiano na usome daftari lake. Ndipo uandike:

> [rekodi imekatika, mwisho wa faili la 1, 00:52:18: simu iliita; takriban dakika 4 hazikurekodiwa, kwa saa za faili. Daftari la mhoji: "amesimulia kuvunjika mlingoti".]

Angalia kwamba maneno ya daftari yamebaki kuwa ya daftari. Hayakugeuzwa kuwa simulizi la mzee.

Si kila mgawanyiko wa faili ni pengo. Vinasa sauti vingi hukata faili vyenyewe likifika gigabaiti 2. Kwa rekodi ya WAV ya njia mbili, biti 16, hezi 44,100, dakika moja ni kama megabaiti 10, kwa hiyo mkato huo unakuja baada ya saa tatu na dakika ishirini hivi. Kwenye kifaa kizima mazungumzo hayapungui. Sikiliza sekunde za mwisho za faili la kwanza na za mwanzo za la pili: kama neno lililoanzia huku linamalizikia kule, hakuna kilichopotea, na hakuna haja ya alama.

Na mzee akinyamaza kweli, usiandike kama pengo. Kimya cha mtu ni sehemu ya maneno yake. Naandika [kimya, sekunde 9]. Mara nyingi kinakuja kabla ya jina la marehemu.

Dalili: nakala uliyopewa ni safi mno

Ukipokea maandishi ya mtu mwingine, saa mbili za mahojiano ya barazani bila hata mabano moja, usifurahi. Hakuna baraza isiyo na kelele. Chagua dakika tano za rekodi zilizo wazi kabisa, hesabu maneno ya msemaji kwenye maandishi. Chagua dakika tano nyingine zenye mvua au watu wengi, hesabu tena. Msemaji mmoja hubadilika mwendo, lakini ukikuta dakika tano za kelele zina theluthi moja tu ya maneno ya zile za wazi, na maandishi yanasomeka kama maji, basi kuna sentensi zilizorukwa na kingo zake zikaunganishwa. Ukikuta idadi ni ileile ilhali wewe huambulii neno, basi kuna sentensi zilizotungwa. Tofauti nyingine huonekana kwenye lugha: mzee anayesema "yule bwana kaja" kurasa zote, ghafla anasema "mtu huyo aliwasili". Hapo ni mwandishi anayezungumza.

Kuna pia upungufu wa makusudi unaofichwa kwa neno *haisikiki*. Msemaji aliomba jina la jirani liondolewe, au familia haikutaka ugomvi wa shamba usomwe. Kuliondoa ni haki yao. Lakini kuandika *haisikiki* ni uongo, na atakayesikiliza rekodi siku moja ataacha kuamini alama zako zote. Andika wazi: [limeondolewa kwa ombi la msemaji, 01:03:40–01:03:58].

Kurudi kwa msemaji

Kama yuko hai na anafikika, rudi, na upesi, kabla kumbukumbu ya mazungumzo haijachuja. Mchezeshee kipande, usimsomee ulichodhani. Nilirudi kwa yule baharia wiki tatu baadaye. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikampa hedifoni. Alisikiliza, akacheka kidogo kusikia pikipiki, akasema, "Sitini na nane, mwanangu. Ndio mwaka aliozaliwa binti yangu yule uliyemwona." Kisha akaongeza kwamba jahazi lenyewe halikuwa limejaa, lilikuwa nusu tu. Kumbe kwenye rekodi alikuwa amesema "tumejaza."

Hapo nikaona kwa nini jibu la pili haliwezi kuingizwa juu ya la kwanza. Mtu anapoulizwa tena hasomi alichosema, anakumbuka upya, na kumbukumbu mpya inakuja na mambo yake. Mstari wa rekodi ukabaki na mabano yake kama ulivyokuwa. Chini ya ukurasa nikaweka maelezo yenye tarehe ya ziara ya pili: msemaji alisikiliza kipande cha 00:41:07, akasema mwaka ni 1968, akaufungamanisha na kuzaliwa kwa binti yake, pia akasema shehena ilikuwa nusu. Anayetafuta safari za boriti anapata mwaka, anapata na namna ulivyopatikana, na ile tofauti ya shehena anaiona mwenyewe.

Mazungumzo ya ziara hiyo ya pili nayo niliyarekodi. Yana dakika sita na sekunde arobaini, na kwenye 00:05:12 kuna neno moja ambalo mpaka leo limebaki [haisikiki: mlango].